Namba Moja, Maji Mawili: Kutengeneza Maji ya Kahawa kwa Kipima TDS na Mikolezo ya Madini

Juu ya meza ya jikoni kwangu Sinza nimeweka majagi mawili ya maji niliyoyatengeneza asubuhi ileile, kutoka dumu lilelile la maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukarudi kuwa maji, na kwa chumvi mbili zilezile. Kipima TDS kikitumbukizwa katika jagi la kwanza kinaonyesha 123, na katika jagi la pili kinaonyesha 119. Mtu yeyote akiziona namba hizo atasema maji ni yaleyale. Lakini nikichuja kahawa ya Mbinga iliyokaangwa kwa wastani, gramu 15 kwa gramu 250 za maji, kikombe cha jagi la kwanza kinatoka na uchachu mtamu unaokumbusha chungwa lililoiva, na kikombe cha jagi la pili kinatoka kimepooza, kizito ulimini, na kina ladha ya chaki. Makala hii inaeleza kwa nini namba moja inaweza kubeba maji mawili yanayotofautiana kiasi hicho, na jinsi ya kukitumia kipima TDS kwa kazi kinayoiweza, badala ya kukipa kazi ya ulimi.

Tuanze na kifaa chenyewe, kwa sababu jina lake linapotosha. Herufi TDS zinasimama kwa jumla ya vitu vyote vilivyoyeyuka majini, na mtu akilisikia jina hilo hudhani kwamba kalamu ile ndogo inavipima vitu hivyo kama mizani inavyopima unga. Haifanyi hivyo. Ndani ya ncha yake kuna vipande viwili vya chuma vilivyotenganishwa kwa nafasi ndogo, na kifaa kinapitisha umeme kidogo kati ya vipande hivyo ili kuona maji yanaupitisha kwa wepesi gani. Chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa chembe zenye chaji, yaani ayoni, na ayoni ndizo zinazobeba umeme. Zikiwa nyingi umeme unapita kwa wepesi, na zikiwa chache unapita kwa shida. Kifaa huchukua kipimo hicho cha upitishaji umeme, ambacho huandikwa `µS/cm`, kikakizidisha kwa namba iliyowekwa kiwandani, kisha kikaonyesha jibu kwa `ppm`, yaani sehemu kwa milioni. Sukari haigawanyiki kuwa ayoni, kwa hiyo ukiyeyusha kijiko kizima cha sukari katika maji yaliyokenekwa, kipima kitaendelea kuonyesha namba iliyo karibu na sifuri.

Kizidisho hicho cha kiwandani ndicho chanzo cha mkanganyiko wa kwanza. Vipima vingine hutumia 0.5 na vingine hutumia karibu 0.7. Maji ya jagi langu la kwanza yana upitishaji wa karibu 246 `µS/cm`, kwa hiyo kipima cha 0.5 kinasema 123, na kipima cha 0.7 kitasema kama 172, wala hakuna kati yao kinachosema uongo. Mkanganyiko wa pili ni kwamba wanakemia wa maji wana `ppm` yao nyingine kabisa. Wao huhesabu ugumu wa maji na ualkali wake kana kwamba kila kilichoyeyuka ni kalisi kaboneti, kwa sababu hilo linawawezesha kulinganisha madini yenye uzito tofauti kwa kipimo kimoja. Kwa hesabu hiyo, jagi la kwanza lina ugumu wa 80 na ualkali wa 40. Na iwapo utayakausha maji hayo kwenye sufuria na kupima masalia yasiyo na maji ndani yake, utarajie takriban miligramu 163 kwa lita kwa hesabu ya chumvi zilizowekwa. Maji ni yaleyale, lakini tuna 123, 172, 120 ukijumlisha ugumu na ualkali, na 163. Mtu anayesoma mapishi ya maji yanayosema "80 na 40", kisha akakasirika kwamba kipima chake hakionyeshi 120 kamili, anagombana na lugha na wala si na maji.

Hizo 80 na 40 zinafanya nini kikombeni? Ugumu unatokana na kalisi na magnesiamu. Ayoni hizi zina chaji mbili na zinashikamana kwa urahisi na sehemu za molekuli za kahawa zinazobeba ladha, na kwa sababu hiyo zimekuwa zikitajwa kama zinazosaidia ladha kutoka katika unga. Mwaka 2014 Christopher Hendon wa Chuo Kikuu cha Bath, pamoja na wenzake akiwemo Maxwell Colonna-Dashwood aliyekuwa na mgahawa wa kahawa mjini humo, walichapisha hesabu za kompyuta zilizoonyesha kwamba magnesiamu inashikamana na molekuli hizo kwa nguvu zaidi. Hesabu ya kompyuta si kikombe, na mimi siichukulii kuwa neno la mwisho, ila ulimi wangu unakubali kwamba maji yenye magnesiamu kidogo hutoa kahawa yenye umbo kuliko maji matupu.

Ualkali ni jambo jingine, na kwa maoni yangu ndilo kubwa zaidi. Hapa mhusika ni bikaboneti, ayoni inayomeza asidi. Kahawa ya arabika ya Kilimanjaro au Mbinga hubeba asidi za matunda, kama ile ya ndimu na ile ya tofaa, na asidi hizo ndizo zinazoipa uchangamfu. Bikaboneti ikiwa kidogo mno, asidi zote zinafika ulimini bila kizuizi na kikombe kinakuwa kikali na chembamba. Hilo ndilo linalotokea mtu akichuja kahawa kwa maji yaliyokenekwa matupu. Bikaboneti ikizidi, inazimeza asidi kabla hujazionja, na kinachobaki ni uchungu na ule uzito wa chaki. Viwango vya kimataifa vya wafanyabiashara wa kahawa bora vimeuweka ualkali karibu na 40, na jumla ya vilivyoyeyuka karibu na 150 kwa nafasi ya kuanzia 75 hadi 250. Nafasi hiyo ya pili ni pana kiasi cha kukuonyesha kwamba jumla peke yake haitoshi kuongoza.

Sasa tuone vifaa jinsi vinavyopatikana hapa mjini. Sababu ya kuanza na maji yaliyokenekwa ni kwamba unaanza na ukurasa mtupu. Maji ya bomba ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu, na hali ya mto hubadilika kati ya masika na kiangazi. Nyumba nyingi tena huchanganya maji ya bomba na ya kisima katika tangi moja, na visima vingi vya pwani vina chumvi. Kuyachemsha kunaua vijidudu lakini hakutoi chumvi hiyo, bali huikoleza kidogo kwa sababu sehemu ya maji inapotea kama mvuke. Juu ya maji ya namna hiyo huwezi kujenga chochote kwa hesabu, maana hujui msingi wake leo ni upi.

Ila si kila maji yanayoonyesha sifuri yanafaa kunywewa. Maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta hutengenezwa kwa ajili ya betri, na chombo chake hakikukusudiwa kuhifadhi kinywaji, kwa hiyo mimi siyatumii hata kipima kikisoma 0. Vivyo hivyo maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi, ambayo mafundi wengi huyakinga kwa ajili ya betri na pasi. Hayo nayo ni mvuke uliopoa na kipima kitayasifu, lakini yamepita juu ya vyuma na vumbi na yanaweza kuwa na vijidudu ambavyo kipima hakivioni kabisa. Tafuta maji yaliyokenekwa yanayouzwa kwa matumizi ya binadamu, au tumia chombo cha kukenekea cha nyumbani. Kipima kikisoma kati ya 0 na 3, endelea. Kikisoma 10 au zaidi, ama chombo cha kukenekea kinarusha maji yanayochemka hadi upande wa mvuke uliopozwa, ama dumu lako lilikuwa na mabaki.

Chumvi ya magnesiamu tunayoihitaji ni ile wazee wetu walioiita haluli ya chumvi, ambayo dukani huandikwa `Epsom salt`. Chukua ile ya duka la dawa iliyoandikwa kuwa inaweza kumezwa, na uiache ile ya kuogea yenye manukato. Najua jina haluli litamtia mtu wasiwasi wa tumbo. Dozi ya kuharisha kwa mtu mzima huhesabiwa kwa gramu nyingi, ilhali kikombe cha mililita 250 cha maji haya kina kama miligramu 50 tu, yaani sehemu moja ya ishirini ya gramu. Chumvi ya pili ni bekingi soda, ile ya kuokea ambayo ni sodiamu bikaboneti tupu. Hapa ni lazima kuwa mwangalifu, kwa sababu bekingi pauda ina asidi na wanga ndani yake, na magadi yana sodiamu kaboneti pamoja na uchafu wa ardhini. Viwili hivyo havichukui nafasi ya bekingi soda, hata kama vinakaa kwenye rafu moja.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusipime chumvi moja kwa moja na kuitia kwenye lita ya maji. Jibu liko kwenye mizani. Lita moja ya maji yetu inahitaji gramu 0.197 ya haluli na gramu 0.067 ya bekingi soda. Mizani ya jikoni inayosoma hadi gramu 0.1 haiwezi kuiona 0.067: itaonyesha 0.1 au itaonyesha 0.0, na katika hali zote mbili umekosea kwa kiasi kikubwa. Dawa yake ni kupima chumvi nyingi mara moja katika maji kidogo, kisha kuchukua matone ya maji hayo mazito. Hayo maji mazito ndiyo ninayoyaita mkolezo.

Mikolezo ni miwili, na kila mmoja unakaa katika chupa yake ya nusu lita. Katika chupa ya kwanza weka gramu 12.3 za haluli, katika ya pili weka gramu 8.4 za bekingi soda, kisha ongeza maji yaliyokenekwa katika kila moja hadi ifike mililita 500. Tikisa mpaka chembe zote zipotee, na usiipashe moto ile ya soda ili kuiharakisha, kwa sababu moto huanza kuigeuza bikaboneti kuwa kaboneti na kutoa hewa ya kaboni. Kwa kipimo hiki, kosa la gramu 0.1 kwenye mizani ni karibu sehemu moja kwa mia, ambalo ulimi hautalisikia. Uzuri wa vipimo hivi ni kwamba mililita 1 ya mkolezo wa haluli katika lita moja ya maji huongeza ugumu kwa 10 kamili, na mililita 1 ya mkolezo wa soda huongeza ualkali kwa 10 kamili. Hesabu inabaki kichwani bila kalamu.

Kwa hiyo maji ya 80 na 40 yanatengenezwa kwa mililita 8 za haluli na mililita 4 za soda, zikijazwa maji yaliyokenekwa hadi lita moja. Bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, ambalo linauzwa karibu kila duka la dawa, linatosha kwa kazi hii. Kwa dumu la lita 5 unazidisha kwa 5, yaani mililita 40 na mililita 20, lakini kwanza jaza dumu hilo na ulipime, kwa sababu madumu mengi yanayoitwa ya lita 5 yanaingiza zaidi ya hapo yakijazwa hadi shingoni.

Hapa ndipo kipima TDS kinapopata kazi yake halisi. Kinashuhudia kama mizani na bomba lako vimefanya ulichokusudia, mradi ukiulize swali kwa wakati wake. Wengi huchanganya kila kitu kisha wakapima mara moja mwishoni. Mimi napima mara tatu. Kwanza napima maji matupu, na kipima chenye kizidisho cha 0.5 kinasema 0 au 1. Natia mililita 8 za haluli, nakoroga, napima tena, na kinasema karibu 88. Mwisho natia mililita 4 za soda, na kinapanda hadi karibu 123. Kila hatua ina namba yake, na namba ya kati ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Thamani yake niliijua kwa njia ngumu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikipima mwishoni tu, na chupa zangu mbili za mikolezo zilikuwa za namna moja, bila maandishi, moja kushoto na nyingine kulia. Jumamosi moja mdogo wangu alikuja, nikamchujia kahawa ya Mbinga ambayo wiki moja kabla tulikuwa tumeifurahia pamoja. Alikunywa mara mbili, akaweka kikombe chini, akasema, "Kaka, hii leo imekuwa kama umeikorogea magadi." Niliwaza kwamba kahawa imezeeka, nikasaga nyingine iliyofunguliwa siku hiyo, na ikatoka vilevile. Nikapima maji: 119. Kwa siku tatu nzima niliilaumu kahawa, nikasafisha kisagio, nikabadili karatasi za kuchujia, nikapandisha na kushusha joto la maji, na wakati wote huo niliyaacha maji kwa sababu kipima kilikuwa kimeyathibitisha.

Kumbe aliyefuta vumbi kabatini alizirudisha chupa zikiwa zimepishana. Nilikuwa nimetia mililita 8 za soda na mililita 4 za haluli. Ugumu ulikuwa 40 na ualkali ulikuwa 80, kinyume kabisa cha nilichotaka, na bikaboneti hiyo mara mbili ndiyo iliyokuwa imemeza uchachu wote wa kahawa. Lakini jumla ya umeme unaopita haikubadilika sana. Haluli, ambayo ni magnesiamu salfeti, hupitisha umeme zaidi kidogo kuliko bikaboneti ya soda kwa kiasi kilekile cha kalisi kaboneti, ila pengo ni dogo: katika maji mepesi kama haya, mililita moja ya mkolezo wa haluli huongeza karibu 11 kwenye kipima, na mililita moja ya mkolezo wa soda huongeza karibu 9. Ukizibadilishana nafasi, unapata 119 badala ya 123, na tofauti ya namba 4 humezwa kirahisi na makosa ya kawaida ya kipima cha bei nafuu, ambayo ni kama sehemu mbili kwa mia, pamoja na makosa ya mkono kwenye bomba la sindano. Kama ningepima katikati ningeona 74 mahali pa 88, na tofauti hiyo ya 14 haiwezi kuitwa bahati.

Majagi mawili niliyoyataja mwanzoni ni maji ya siku ile yaliyorudiwa kwa makusudi. Ukitaka kwenda mbali zaidi ya hapo, weka soda peke yake bila haluli hata tone, kama mililita 13.5 kwa lita, na kipima kitasoma tena karibu 123. Maji hayo hayana ugumu wowote na yana ualkali wa 135, na sijui kahawa inayoweza kuyastahimili.

Kuna njia mbili za kuthibitisha kilichomo bila kukitegemea kipima. Ya kwanza ni ya chupa za mikolezo na haigharimu kitu: mimina kijiko kimoja cha mkolezo katika kikombe kidogo na ukamulie ndimu. Soda itatoa mapovu papo hapo, na haluli itabaki kimya. Ya pili ni kwa maji yaliyokwisha kuchanganywa, nayo ni vipimo vya matone vinavyotumiwa na wafugaji wa samaki wa mapambo. Kuna chupa ya ugumu na chupa ya ualkali. Unahesabu matone mpaka rangi ya maji ibadilike, na katika vipimo vya kawaida vya mililita 5 kila tone ni takriban 18 kwa hesabu ya kalisi kaboneti. Maji sahihi yatabadilika kwenye tone la 5 la ugumu na tone la 3 la ualkali, na yale yaliyopishana yatabadilika kwenye tone la 3 la ugumu na tone la 5 la ualkali. Ni kipimo cha kukadiria kwa sababu ya hatua zake kubwa, lakini kinajibu swali ambalo kipima TDS hakiwezi kulijibu milele, yaani ni ayoni ya aina gani iliyomo.

Na kipima chenyewe kinathibitishwa na nani? Maji maalumu ya kusahihishia yanauzwa, lakini kama huyapati, chumvi ya mezani itakusaidia kujua mawili kwa pamoja: kama kipima kiko sawa, na kama kinatumia 0.5 au 0.7. Chumvi ya hapa pwani hubeba unyevu, kwa hiyo ikaushe kwanza kwenye kikaango kikavu kwa dakika chache na uiache ipoe ndani ya chombo kilichofunikwa. Yeyusha gramu 1 katika lita 1 ya maji yaliyokenekwa, kisha chukua mililita 200 za maji hayo uziongezee maji yaliyokenekwa hadi lita 1. Kipima cha 0.5 kinatakiwa kusoma karibu 208, na cha 0.7 karibu 290. Kwa mizani ya 0.1 gramu moja ina wasiwasi wa sehemu kumi kwa mia, hivyo ni afadhali kupima gramu 5 katika lita 5 kwa hatua ile ya kwanza. Kama kipima chako ni cha 0.7, zidisha namba zangu zote za hatua kwa 1.4: 88 itakuwa karibu 123, na 123 itakuwa karibu 172. Angalia jinsi 123 ya kipima kimoja ni nusu ya safari kwenye kipima kingine, na utaona kwa nini kunakili namba ya mtu bila kujua kifaa chake kunaleta balaa.

Joto nalo lina neno lake. Upitishaji umeme hupanda karibu sehemu mbili kwa mia kwa kila nyuzi moja ya joto, na vipima hurekebisha namba ili ilingane na nyuzi 25. Maji yaliyokaa jikoni Dar es Salaam mchana yanaweza kuwa na nyuzi 30, na rekebisho la kifaa hulimudu hilo vizuri. Joto la maji yaliyotoka kwenye birika hulimudu vibaya, kwa hiyo pima kabla ya kuchemsha. Suuza ncha kwa maji yaliyokenekwa kabla ya kila kipimo na uikung'ute, maana tone moja la mkolezo lililobaki kwenye ncha linatosha kukutafutia kosa ambalo halipo.

Ukishakuwa na uhakika wa maji ya 80 na 40, kubadilisha ladha ni suala la kusogeza chupa moja kwa wakati. Mimi huanza na soda. Kahawa iliyokaangwa kidogo ambayo inatoka kali mno huiongezea mililita 1, na ile inayotoka imepooza huipunguzia mililita 1, huku haluli ikibaki pale pale. Haluli naisogeza baadaye, na mara nyingi naiacha. Kwa kahawa chungu ya dele, ile inayochemshwa kwa muda mrefu na kunywewa na kashata, sioni haja ya kazi yote hii, kwa kuwa ukaangaji wake mweusi na mchemko wake vimekwisha kuondoa kile ambacho maji haya yanakilinda.

Maji haya hayana kalisi. Mtu anayeitaka anaweza kutengeneza mkolezo wa tatu wa kalisi kloridi ya chakula, lakini asiichanganye na mkolezo wa soda katika chupa moja, kwa sababu kalisi na bikaboneti zikikutana zikiwa nzito huzaa chokaa nyeupe inayozama chini, na madini yaliyozama hayafiki kikombeni. Kwa sababu inayofanana na hiyo, na kwa sababu ya kutaka kusogeza moja bila kugusa nyingine, haluli na soda pia zinakaa mbalimbali. Hifadhi mikolezo kwenye friji, na tengeneza mipya baada ya wiki chache. Chupa ikianza kuwa na ukungu, utando juu, au unga chini, mwaga hata kama kipima bado kinasoma namba uliyoizoea. Chupa zangu sasa hazifanani: ya haluli ni ya plastiki yenye kifuniko chekundu, ya soda ni ya kioo, na kila moja imeandikwa kwa wino usiofutika jina la chumvi, uzito wake, tarehe, na namba ambayo kipima kinatakiwa kusoma mililita zake zikishaingia.